Kumwandikia kwa Mara ya Kwanza Mtu Uliyetambulishwa na Jamaa

Ujumbe wa kwanza kwa mtu ambaye ndugu au rafiki amekutafutia una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mwenye namba ya simu. Wa pili ni jamaa walio nyuma yake na nyuma yako: shangazi aliyeleta wazo, mama atakayeuliza "amesemaje?", na dada atakayeonyeshwa simu usiku huohuo ili atoe maoni. Wengi wanaoandika ujumbe huu humkumbuka msomaji mmoja na kumsahau mwingine. Anayewakumbuka jamaa peke yao huandika kama anayeomba kazi, na anayemkumbuka mwenye namba peke yake huandika maneno matamu ambayo, yakisomwa na mama mtu, yatawaaibisha wote wawili. Mwongozo huu unahusu namna ya kuandika maneno machache ambayo jamaa wanaweza kuyasoma bila kuona haya, lakini ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyajibu isipokuwa yule uliyemwandikia.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kijana anayeitwa Idi, fundi wa vifaa vya umeme, ameelezwa na shangazi yake, Bi Zuhura, kwamba yuko binti wa rafiki yake, mwalimu, anayeitwa Rehema. Shangazi ametuma namba na picha moja, kisha akaongeza, "Mwandikie leo." Mwandishi akiwa mwanamke hatua hazibadiliki, wala hazibadiliki pale ambapo mshenga ni rafiki wa kazini badala ya shangazi, ila katika mambo machache nitakayoyataja.

Hatua ya kwanza: zungumza na mshenga kabla ya kugusa namba

Hapa ndipo ujumbe mzuri unapopatikana au kukosekana, nami ningependa msomaji atumie muda mwingi zaidi katika hatua hii kuliko katika uandishi wenyewe. Kuna mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni kama mwenye namba anajua kwamba namba yake imetolewa, na kama alikubali mwenyewe. Si ajabu mama akatoa namba ya binti yake au ya kijana wake kwa nia njema bila kumwambia, na ujumbe wako ukifika unakuwa ndiyo habari ya kwanza anayoisikia. Mtu aliyeshtukizwa hivyo hana hasira nawe, lakini hasira yake itakuangukia wewe kwa sababu wewe ndiye uliye mbele yake. Muulize mshenga waziwazi: "Je, yeye mwenyewe amesema niandike, au ni mama yake aliyesema?" Jibu likiwa ni mama, mwombe mshenga arudi kwa mhusika. Siku mbili za kusubiri hazitaharibu kitu.

La pili ni kile alichoambiwa juu yako. Jamaa wanaotafuta mchumba hupamba, na mara nyingi hupamba kwa upendo bila kuona kwamba wanadanganya. Idi alipouliza, aligundua kwamba shangazi amesema karakana ni mali yake, ilhali yeye ameajiriwa pale na bado anaweka akiba ili afungue ya kwake. Jambo hili halifai kuingizwa katika ujumbe wa kwanza, lakini lazima alijue kabla ya kuandika, kwa sababu sentensi moja isiyo ya uangalifu, kama vile "nimefunga karakana sasa hivi", ingelithibitisha kosa la shangazi na kulifanya kuwa la kwake.

La tatu ndilo la thamani kubwa zaidi. Jamaa hukupa sifa: ni mpole, amesoma, ana heshima, anajituma. Sifa hizo zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisikusaidie, kwa sababu zinawafaa watu elfu moja na hakuna swali linaloweza kuzaliwa kutoka kwao. Huwezi kumwandikia mtu "nimesikia una heshima" kisha utarajie mazungumzo. Kwa hiyo usimuulize mshenga "yukoje?" Muulize juu ya tukio: "Mara ya mwisho ulipomwona alikuwa akifanya nini?" au "Ni jambo gani alilolifanya likakufanya ucheke?" Mshenga atasita kidogo, kwa sababu hakutarajia swali la namna hiyo, kisha atakumbuka kitu.

Bi Zuhura alikumbuka hivi. Alikwenda kumtembelea rafiki yake akamkuta Rehema amekaa sakafuni na watoto wa ndugu zake, wamefungua saa ya ukutani iliyokuwa imesimama, na vipande vyake vyote vimetandazwa juu ya gazeti. Waliifunga tena, wakaitundika, na saa ikaanza kutembea, lakini kinyumenyume. Watoto walipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Katika habari hii fupi kuna subira, kuna udadisi, kuna mtu asiyeogopa kuharibu kitu kilichokwisha kuharibika, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililotamkwa. Kwa fundi wa umeme, hapa pana mlango, kwa kuwa anajua saa ya betri inaweza kweli kurudi nyuma iwapo koili na kipande cha chuma kinachopita ndani yake vitarudishwa vikiwa vimegeuzwa.

Chagua tukio lisilomwaibisha mwenyewe. Shangazi anaweza pia kukusimulia jinsi alivyolia uchumba wake wa kwanza ulipovunjika. Hilo ulisikie na ulinyamazie, hata kama linakugusa zaidi. Kipimo ni rahisi: je, ni jambo ambalo angelisimulia yeye mwenyewe mbele ya wageni? Kama si hivyo, si lako bado.

Hatua ya pili: mwekee mshenga mpaka, kwa heshima

Ujumbe hauwezi kuwa huru iwapo shangazi anasubiri taarifa kila jioni. Mwenzako atahisi kwamba kila anachokiandika kinapita kwako na kuishia kwingine, naye ataanza kuandika kama anayeandikia kamati. Ndiyo sababu mpaka huu huwekwa kabla ya ujumbe kutumwa. Maneno ya Idi yalikuwa haya:

"Shangazi, nakushukuru sana kwa kunifikiria. Nitamwandikia kesho jioni. Naomba utuachie nafasi tufahamiane sisi wenyewe kwanza. Likiwapo la kusema, utakuwa wa kwanza kuambiwa, na kama halikuwa, nitakuja kukwambia mimi mwenyewe."

Angalia kwamba amempa shangazi vitu viwili vya uhakika, yaani siku atakayoandika na ahadi ya kupewa habari, na kwa kubadilishana ameomba kitu kimoja. Mshenga anayenyimwa kila kitu huanza kuuliza upande wa pili, na huko huwezi kumzuia. Kwa mshenga aliye rafiki, ombi ni tofauti kidogo: mwambie asiwataje ninyi wawili katika kundi la marafiki na asifanye utani mbele ya watu, kwa maana utani wa namna hiyo humlazimisha mtu kuonyesha msimamo kabla hajajua msimamo wake.

Hatua ya tatu: andika mahali pengine, kisha tuma kwa wakati unaofaa

Andika rasimu katika sehemu ya kuhifadhi maandishi kwenye simu, si katika dirisha la mazungumzo. Ujumbe uliotumwa kwa bahati mbaya kwenye WhatsApp na kufutwa huacha alama inayoonyesha kwamba kuna kitu kilifutwa, na alama hiyo ikiwa ndiyo salamu yako ya kwanza, mwenzako atabaki akijiuliza ulikuwa umeandika nini.

Kumbuka pia kwamba namba yako ni ngeni kwake. Kinachoonekana kwanza kwenye simu yake ni maneno machache ya mwanzo ya ujumbe, na kwa maneno hayo ataamua kama afungue au apuuze. Jina lako na jina la mshenga yanapaswa kuwa humo, mwanzoni kabisa. Salamu iliyosimama peke yake, kama "Mambo" au "Hujambo", ikitoka kwenye namba isiyojulikana hufanana na ya mtu aliyekosea namba au ya tapeli.

Kuhusu wakati, andika ndani ya siku moja au mbili baada ya kuthibitisha kwamba amekubali. Ukikawia wiki nzima, jamaa wa pande zote mbili watatafsiri ukimya wako kuwa kukataa, na huenda mwenzako ataambiwa hivyo. Saa za mwanzo wa jioni, baada ya kazi na kabla ya watu kulala, zinafaa kwa wengi. Ujumbe wa saa sita za usiku hubeba maana ambayo hukuikusudia.

Hatua ya nne: uandishi wenyewe

Nitaonyesha kwanza rasimu mbili ambazo Idi aliziacha, kwa kuwa makosa yake ni yale yanayoonekana mara nyingi zaidi. Ya kwanza ilisema:

"Habari dada. Nimepewa namba yako na Bi Zuhura kwa ajili ya kufahamiana kwa lengo la ndoa. Mimi nina miaka 33, ni fundi, sijawahi kuoa na sina mtoto. Ningependa kujua malengo yako, umri wako na sifa unazozitafuta kwa mwenzi."

Hakuna uongo katika ujumbe huu, wala hakuna utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba unamdai mtu jibu la swali la mwisho kabla ya kusikia swali la kwanza. Rehema hawezi kumjibu bila ama kujieleza kama aliye mbele ya jopo la usaili, ama kukataa. Zaidi ya hayo, mambo yote yaliyotajwa tayari yanajulikana kupitia kwa shangazi, kwa hiyo ujumbe mzima haujaongeza kitu. Na neno "dada", lenye heshima mahali pengine pote, hapa linamweka mbali. Jina lake linatosha na lina heshima yake.

Rasimu ya pili iliandikwa baada ya Idi kuitazama picha:

"Habari mrembo, mimi ni Idi. Tangu nilipoiona picha yako usingizi umenipaa. Natamani sana kukufahamu."

Ujumbe huu una joto, lakini ni joto lisilo na anwani. Unaweza kutumwa kwa mtu yeyote mwenye picha. Halafu picha hiyo hakuituma Rehema mwenyewe. Ilitoka kwa mama yake ikapitia kwa Bi Zuhura, na kusifiwa sura kwa picha ambayo hakuichagua ni kukumbushwa kwamba amepitishwa mikononi mwa watu. Sifa za sura zina wakati wake, nao ni baada ya kuonana. Ujumbe alioutuma hatimaye ni huu:

"Habari za jioni, Rehema. Naitwa Idi; Bi Zuhura ni shangazi yangu, naye ameniambia umekubali nikuandikie, nami nashukuru. Katika yote aliyonieleza, lililonibaki kichwani ni ile saa ya ukutani mliyoifungua na watoto, ikarudi ukutani ikitembea kinyumenyume. Mimi niliwahi kuifungua redio ya baba nikaifunga na kubakiwa na skrubu tatu, na hadi leo hakuna anayejua zilitoka wapi, ingawa redio inaimba. Nimetamani kujua: ile saa mliirekebisha, au iliachwa hivyohivyo? Jibu kwa wakati utakaokufaa. Hakuna anayenisubiri nimpelekee majibu."

Sentensi mbili za mwanzo zinamaliza kazi ya utambulisho na kutaja ridhaa yake, jambo linalomwonyesha kwamba Idi alijali kuuliza. Hakuna maelezo ya kazi, umri wala familia, kwa sababu hayo yamekwisha kusemwa na wengine.

Sentensi ya saa ndiyo inayoubeba ujumbe. Inamwambia Rehema kwamba katika orodha ndefu ya sifa, mtu huyu amesikia kitu ambacho yeye mwenyewe pengine alikifurahia. Haisemi "nimependa ulivyo mvumilivu", kwa maana sifa iliyotamkwa mapema humfanya mtu aanze kuilinda. Inataja tu tukio, na kumwacha aone mwenyewe kwa nini limetajwa.

Sentensi ya redio ni ya haki. Idi amesikia habari za Rehema kutoka kwa mtu mwingine, na Rehema hajasikia chochote cha namna hiyo kuhusu Idi. Kwa hiyo anatoa kitu chake, chenye uzito uleule, kinachomwonyesha akiwa si mkamilifu. Watu wengi huiruka sehemu hii na kuuliza maswali matupu, nao hushangaa kwa nini wanajibiwa kwa tahadhari. Mtu akijiweka wazi kidogo kwanza, humpa mwenzake kipimo cha jinsi ya kujiweka wazi.

Swali ni moja tu, na lina jibu ambalo Rehema analijua bila kufikiri. Swali kama "unapenda nini maishani?" huonekana la kina, lakini humpa mtu kazi ya kutunga insha. Swali la saa linaweza kujibiwa kwa neno moja akiwa amesimama, au kwa hadithi nzima akiwa ameketi, na uamuzi ni wake.

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Inamwondolea mzigo wa haraka na kumwambia kwamba mazungumzo haya hayapelekwi kokote. Lakini usiiandike kama hukuitimiza hatua ya pili, kwa sababu shangazi akimpigia mama yake kesho asubuhi kuuliza "amemjibu?", sentensi hiyo itageuka uongo.

Neno ndoa halimo, na hilo halina maana ya kuficha nia. Wote wawili wanajua kwa nini wametambulishwa. Lisilofaa ni kwenda upande wa pili na kuandika "tuwe marafiki tu", huku ukitarajia zaidi, kwa maana maneno hayo yatarudi kukudai. Akikuuliza nia yako moja kwa moja, jibu moja kwa moja: "Nakusudia kuoa, na ndiyo sababu nilimruhusu shangazi anitambulishe. Lakini sitaki mimi wala wewe tuamue kwa sababu wengine wanangoja."

Kabla ya kutuma, mtihani wa mwisho ni huu: weka jina la mtu mwingine mahali pa jina lake, usome tena. Kama ujumbe bado una maana, haujakamilika. Kisha uusome kana kwamba mama yake ndiye anayeusoma kwa sauti sebuleni. Ujumbe wa Idi unapita kwenye mitihani yote miwili, na hauzidi maneno mia moja au karibu na hapo, kiasi ambacho mtu husoma bila kuchoka.

Hatua ya tano: kulisoma jibu

Jibu la mtu aliyetambulishwa na jamaa ni gumu kulisoma kuliko jibu la mtu mliyekutana wenyewe, kwa sababu adabu humlazimu kujibu hata asipovutiwa. Usihesabu dakika alizochukua, wala usitafute maana katika alama za buluu. Angalia kama ameongeza kitu ambacho hakuulizwa, au ameuliza kitu asicholazimika kukiuliza. Hiyo ndiyo sehemu ambayo heshima kwa Bi Zuhura haiwezi kuizalisha.

Tuseme Rehema amejibu: "Habari njema, Idi. Iliachwa. Mdogo wao wote alikataa isiguswe, anasema ndiyo saa pekee itakayomrudisha likizo. Hizo skrubu bado mnazo?" Hapa pameongezwa mtoto na hoja yake, na pameulizwa skrubu. Mvuto ukianza huanzia katika vitu vidogo vya namna hii. Idi anapaswa kujibu habari ya skrubu na ya mtoto, akae humo kwa muda, na asikimbilie kuuliza ana ndugu wangapi.

Lakini kama angejibu tu "Nzuri, asante. Ndiyo, tuliiacha", Idi asikate tamaa mara moja. Wapo watu wanaoandika kwa ukavu na kuzungumza kwa uchangamfu, na maandishi peke yake hayatoshi kumhukumu yeyote. Aandike mara moja zaidi, kwa wepesi uleule, kisha apendekeze kuzungumza kwa sauti. Hukumu ya mvuto isubiri hadi sauti isikike, na ikiwezekana hadi uso uonekane.

Ukimya kamili una utaratibu wake. Subiri siku nne au tano, kisha tuma ujumbe mmoja wenye njia ya kutokea: "Habari, Rehema. Huenda siku zimekuwa na shughuli, au huenda jambo hili halikuja kwa wakati mzuri kwako. Vyote naviheshimu, na usijione una deni la kunieleza." Baada ya huo usitume mwingine, na usimtume shangazi akaulize.

Hatua ya sita: kutoka maandishi hadi sauti, na kurekebisha yaliyopambwa

Mazungumzo ya maandishi yakivuka siku kadhaa bila sauti huanza kujenga mtu ambaye hayupo. Mara mtakapokuwa mmecheka pamoja mara moja au mbili, omba kupiga simu, ukitaja wakati: "Ningependa kuisikia hoja ya huyo mtoto kwa sauti yako. Je, kesho au keshokutwa jioni una nafasi?" Kutaja nyakati mbili humpa uchaguzi bila kumlazimisha apange yeye.

Mambo mazito ambayo familia inayatarajia, kama vile imani, watoto, mahali pa kuishi na ndoa za awali, hayapaswi kuahirishwa kwa muda mrefu, kwa kuwa utambulisho huu ulifanywa kwa ajili hiyo. Hata hivyo yazungumzwe kwa sauti au ana kwa ana. Maandishi huyafanya yawe makali kuliko yalivyo, na huweza kupelekwa kwa watu wengine yakiwa yamekatwa vipande.

Jambo moja halisubiri, nalo ni lile ambalo mshenga alilikosea au alilificha. Idi alilisema katika simu ya kwanza, mapema, kabla Rehema hajaulizia kazi: "Kuna jambo nataka nilirekebishe. Nadhani uliambiwa karakana ni yangu. Nimeajiriwa pale, na naweka akiba nifungue yangu. Shangazi alisema kwa kunipenda, lakini ningependa ulijue kutoka kwangu." Ameeleza ukweli bila kumfanya shangazi aonekane mwongo, na hilo ni muhimu kwa sababu Bi Zuhura ataendelea kuwa rafiki wa mama yake Rehema, lolote litakalotokea. Mwenye mtoto ambaye hakutajwa, au ndoa iliyovunjika ambayo familia imeinyamazia, afanye vivyo hivyo kabla ya kuonana kwa mara ya pili. Ukweli unaogunduliwa baadaye huhesabiwa kuwa njama ya familia nzima.

Hatua ya saba: ikiwa mvuto haupo

Huenda mtu akawa na kila sifa ambayo jamaa waliitaja, na bado baada ya simu mbili au tatu na kuonana mara moja ukajikuta hutamani kumsikia tena. Hapo mzigo wa familia huwa mkubwa, kwa maana hakuna kosa la kutaja. Usilitunge. Mwambie mhusika kwanza, wewe mwenyewe, kabla ya kumwambia yeyote: "Rehema, nimefurahia mazungumzo yetu na ninakuheshimu. Nimejichunguza, na sioni ndani yangu hisia ambayo ingenifanya niendelee kwa haki kwako. Nimeona nikuambie mapema kuliko kukuacha ukisubiri. Ungependa nimwambieje shangazi?"

Swali la mwisho ndilo linalolinda heshima yake. Habari itafika kwa mama yake kwa njia yoyote ile, na anastahili kuwa na sauti katika namna itakavyofika. Wengi huomba isemwe kwamba wote wawili wameona hivyo, na kama ni kweli, hakuna ubaya. Kisha mwendee mshenga, umshukuru, na umpe jibu fupi lisilo na sifa mbaya wala maelezo ya mazungumzo yenu: "Shangazi, tumezungumza na tumeelewana kwa heshima, lakini hatutaendelea. Ulimchagua mtu mwema."

Na kama mvuto upo, mshenga bado apewe kidogo. "Tunaendelea kuzungumza, shangazi, nashukuru" ni jibu la kweli na linatosha kwa wiki kadhaa. Kabla ya kusema zaidi ya hapo, kubalianeni ninyi wawili ni nini kitakachosemwa, kisemwe lini, na kila mmoja amwambie wa upande wake siku hiyohiyo, ili mama yake Rehema asisikie kutoka kwa Bi Zuhura jambo ambalo binti yake bado hajamwambia.